Jinsi ya kuchagua methali ya Kiswahili unapotafsiri methali ya Kifaransa

La Fontaine alifungua kisa chake cha sungura na kobe, kilichochapishwa mwaka 1668, kwa mstari huu: « Rien ne sert de courir, il faut partir à point. » Mfasiri wa Kiswahili akiuona, mkono huenda wenyewe kwenye “Haraka haraka haina baraka”. Kobe yumo, mwendo wa taratibu umo, na methali yenyewe kila mtu anaijua. Lakini mwangalie vizuri yule sungura. Hakuponzwa na haraka. Alijua ana kasi, basi akala majani, akalala, akasikiliza upepo unavuma kutoka wapi, na alipokuja kushtuka kobe alikuwa karibu kufika. Ndipo akatimua mbio, na mbio hizo hazikumfaa kitu. Kosa lake ni kuchelewa kuondoka. Ukimwambia “haraka haraka haina baraka” unamshauri apunguze mwendo mtu ambaye tatizo lake ni kwamba hajaanza safari.

Kiswahili kina maneno yanayomfaa: “Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako”. Nusu ya kwanza ya mstari wa Kifaransa, ile ya mbio zisizosaidia, inapotea hapa, na mfasiri anaweza kuirudisha kwa sentensi moja ya kawaida kabla ya methali. Ila onyo linaelekea panapostahili.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu makosa mabaya zaidi ya kazi hii si ya tafsiri sisisi, ile ya neno kwa neno. Anayeandika “nguo haimfanyi mtu mtawa” katikati ya mazungumzo ya kawaida hujulikana mara moja, na mhariri atamrudishia. Kosa gumu kuonekana ni la yule aliyeikwepa tafsiri sisisi, akatafuta methali ya Kiswahili, akapata iliyo nzuri na inayofanana na ya Kifaransa kwa picha au kwa umbo, lakini inafanya kazi nyingine. Msomaji hakwami popote. Anasoma vizuri na kuelewa jambo ambalo mwandishi hakulisema. Hatua zinazofuata nimezipanga hasa kwa ajili ya kulizuia kosa hilo.

Hatua ya kwanza: ivue methali picha yake

Kabla ya kutafuta chochote, andika maana ya methali ya Kifaransa kwa sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida, isiyo na ndege, mtungi wala mtawa. Iandike kweli, kwenye karatasi au pembeni mwa matini, usiishie kuifikiria tu, kwa sababu sentensi hiyo utairudia mwishoni. Iseme nani anafanya nini, na nini kitafuata.

Chukua « Quand le vin est tiré, il faut le boire ». Ukiivua mvinyo, inabaki: “Ukishaanza jambo kwa hiari yako, huwezi kurudi nyuma, lifikishe mwisho hata kama ni gumu.” Sentensi hiyo ikiwa mbele yako, “Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga” inajileta yenyewe. Mvinyo umeondoka na maji yameingia, lakini hakuna kilichopotea: kitendo cha kwanza cha hiari, kisha wajibu wa kumaliza. Hizi ndizo siku njema za mfasiri.

Sasa chukua « Une hirondelle ne fait pas le printemps ». Ukiisoma kwa umbo lake utaona kitu kimoja kidogo kinachoshindwa kuleta jambo kubwa, na ulimi utakimbilia “Kidole kimoja hakivunji chawa”. Umbo ni lile lile: kimoja, kisha kanusho. Lakini ivue picha. Ya Kifaransa inasema: “Dalili moja haitoshi kuthibitisha kwamba hali imebadilika.” Ya Kiswahili inasema: “Mtu peke yake hawezi kazi inayohitaji wenzake.” Moja inazungumzia ushahidi, nyingine ushirikiano. Weka ya kidole katika makala ya uchumi inayosema mwezi mmoja wa mauzo mazuri si mwisho wa msukosuko, na msomaji atadhani mwandishi anaomba watu waungane.

Kanuni ya hapa ni kwamba umbo hudanganya kuliko picha. Methali za lugha zote hupenda umbo la “kimoja si kingi”, “kabla ya hiki usifanye kile”, “anayefanya hivi hupata vile”. Kufanana kwa umbo hakuthibitishi kitu chochote.

Neno moja likirudiwa katika methali zote mbili ni mtego wa namna hiyo hiyo. « Qui ne dit mot consent » inahusu ukimya, na “Kimya kingi kina mshindo mkuu” inahusu ukimya. Lakini ya kwanza inasema aliyenyamaza amekubali, na ya pili inasema aliyenyamaza anaandaa jambo zito. Ni karibu kinyume. Kama mwenyekiti katika riwaya anauliza kuna mwenye pingamizi, ukumbi unatulia, naye anafunga hoja kwa methali hiyo ya Kifaransa, mpe “Kimya ni ridhaa”. Ukimpa ya mshindo, umegeuza kikao kilichomalizika kwa amani kuwa mwanzo wa uasi, na msomaji atasubiri kurasa mia aone mlipuko usiokuja. Ya mshindo ihifadhi, kwa sababu ina mwenzake anayeifaa sana: « Il n'est pire eau que l'eau qui dort ».

Hatua ya pili: uliza upande, wakati na mdomo

Sentensi ya kawaida ikishaandikwa, bado kuna mambo matatu ambayo haiyaonyeshi vizuri, na ndipo methali mbili zilizoonekana pacha hutengana.

La kwanza ni upande: jambo linaongezeka au linapungua? « Petit à petit, l'oiseau fait son nid » ina wagombea watatu wa haraka: “Haba na haba hujaza kibaba”, “Bandu bandu huisha gogo” na “Chovya chovya humaliza buyu la asali”. Zote zinasema kidogo kidogo hufanya kikubwa. Lakini kibaba kinajaa, gogo linakwisha, na buyu la asali linakwisha huku mwenyewe akisikitika. Ndege wa Kifaransa anajenga, basi mwenzake wa kawaida ni kibaba. Hata hivyo Mfaransa humtumia ndege yule yule kwa mtu anayelipa deni kidogo kidogo au anayemaliza kitabu kinene kurasa chache kila jioni. Hapo kitu kinapungua, na kupungua kwake ndiyo furaha yake. Mimi ningeandika “Bandu bandu huisha gogo” bila kusita, kwa sababu deni ni gogo, si kibaba. Ya asali iache kwa matumizi mabaya ya mali, mtu anayechota akiba mpaka anakuta sakafu. Ukiiweka kwa mlipa deni, umemlaumu mtu aliyestahili pongezi.

La pili ni wakati: methali inasemwa kabla ya jambo au baada yake? « Mieux vaut tard que jamais » mara nyingi hutamkwa jambo likishatokea. Mtu amekuja kuomba msamaha baada ya miaka mingi, na mwenyeji anampokea kwa maneno hayo, pengine kwa upole, pengine kwa uchungu kidogo. Kiswahili kina “Kawia ufike”, fupi na tamu. Lakini hiyo ni amri, na amri hupewa aliye bado njiani: usikimbie, chelewa ikibidi, ili mradi ufike salama. Inamfaa dereva anayeondoka. Kwa aliyekwisha kuketi sebuleni, “Heri kuchelewa kuliko kukosa kabisa” inakaa vizuri zaidi, ingawa haina ufupi ule. Kwa hiyo angalia kitenzi cha methali ya Kiswahili. Kikiwa cha amri, kama “kawia”, “usiache” au “usitukane”, jiulize kama anayeambiwa bado ana nafasi ya kutii.

La tatu, ambalo ndilo linaloumiza zaidi likikosewa, ni mdomo: nani anamwambia nani, na kwa heshima gani? « Tel père, tel fils » haina upande. Inaweza kuwa sifa, lawama, au tabasamu tu. Katika Kiswahili huwezi kubaki katikati kwa urahisi hivyo. “Mtoto wa nyoka ni nyoka” ni tusi kwa baba na kwa mwana pamoja. “Maji hufuata mkondo” ni ya utulivu, inapokea sifa na inapokea hata masikitiko. Babu anayemtazama mjukuu akipiga randa ubao kama baba yake, kisha akasema « tel père, tel fils », hawezi kuwekewa nyoka mdomoni. Lakini jirani anayezungumzia familia ya walaghai anaweza, na pengine ndiyo itakayompendeza. Hapa mfasiri analazimika kuamua kitu ambacho Mfaransa alikiacha wazi, kwa hiyo rudi nyuma kurasa kadhaa uone msemaji ana hisia gani kwa familia ile.

Vivyo hivyo na « Les chiens aboient, la caravane passe ». “Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji” inaibeba barabara, ikiwa wapiga kelele ni watu wa nje ambao msemaji anawadharau. Ikiwa wanaolalamika ni watu wa nyumba moja naye, ndugu au wafanyakazi wenzake, ningeitazama “Kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala”. Mlango ni wa nyumba hiyo hiyo, na dharau yake si kali.

Hatua ya tatu: kusanya wagombea, kisha uwajaribu mmoja mmoja

Methali ya kwanza kukujia kichwani ni ile unayoisikia zaidi, na huenda isiwe ile inayofaa. Ndiyo maana ni vizuri kujilazimisha kuandika angalau tatu. Nitaonyesha kazi yote kwa methali moja, « L'habit ne fait pas le moine », kwa sababu kila mtu anadhani anajua mwenzake wa Kiswahili, na kwa sababu ina pande mbili zinazopingana.

Sentensi ya kawaida ni: “Usimpime mtu kwa anavyoonekana.” Kwa Kiswahili wagombea wangu ni hawa: “Vyote ving'aavyo si dhahabu”, “Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti”, “Umdhaniaye ndiye, kumbe siye”, na “Ukimwona simba amenyeshewa usidhani ni paka”. Wote wanne wanapita kwenye sentensi ile. Kwa hiyo sentensi peke yake haitoshi, na inabidi twende kwenye matini. Hizi hapa sehemu mbili nilizozitunga kwa ajili ya zoezi.

Ya kwanza: « Il porte une belle montre et il parle comme un notaire, dit la vieille. Mais l'habit ne fait pas le moine, ma fille. » Bibi anamwonya binti dhidi ya mchumba mwenye saa nzuri na maneno ya kisomi. Upande ni wa kushusha: anayeonekana wa juu huenda ni wa chini. Wakati ni kabla, binti hajaamua. Mdomo ni wa mzee kwa kijana wake, kwa upendo na wasiwasi.

Simba anatoka mara moja, kwa kuwa yeye anapandisha aliyeonekana duni. “Umdhaniaye ndiye, kumbe siye” ina neno “kumbe”, na “kumbe” ni ya mtu aliyekwisha kugundua. Bibi hajagundua kitu, anashuku tu. Wamebaki dhahabu na mkakasi. Dhahabu inakaa vizuri na ile saa, pengine vizuri mno, kwa sababu msomaji anaweza kuichukua kama maneno juu ya saa yenyewe kwamba ni ya bandia. Tena Kifaransa kina methali yake ya dhahabu, « Tout ce qui brille n'est pas or », na mwandishi akija kuitumia mbele katika kitabu utajikuta umeshaitumia. Mkakasi unazungumzia uzuri wa nje usio na kitu ndani, na ni maneno yanayotoka vizuri kinywani mwa bibi. Basi: “Anavaa saa nzuri na anazungumza kama wakili,” alisema bibi. “Lakini mwanangu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.” Angalia kwamba « ma fille » imekuwa “mwanangu” na imehamia mbele ya methali, kwa sababu methali ya Kiswahili yenye vipande viwili hupenda kumalizika kwa kipande chake cha pili, bila jina la mtu kuning'inia nyuma.

Ya pili: « On avait fait attendre le vieux en sabots près de la grille. C'était lui le propriétaire. L'habit ne fait pas le moine. » Mzee mwenye viatu vya mti amesubirishwa getini, kumbe ndiye mwenye mali. Upande umegeuka: aliyeonekana duni ni mkubwa. Wakati ni baada, watu wameshakosea. Anayesema ni msimulizi, hamwambii mtu yeyote.

Sasa mkakasi na dhahabu haviwezekani kabisa, vingesema mzee yule ni tapeli. Simba amesimama mahali pake, maana ana nguvu iliyofichwa na ana madhara kwa aliyemdharau. Lakini “usidhani” ni katazo, na wahusika wameshadhani. Njia moja ni kuivunja methali iingie katika masimulizi: “Walikuwa wamemsubirisha getini mzee yule wa viatu vya mti, kumbe ndiye mwenye nyumba. Walimwona simba amenyeshewa, wakadhani ni paka.” Ukisoma hivyo huhitaji tena “methali husema”. Kama msimulizi ni mpole na mzee hana ukali wowote, simba atakuwa ametia vitisho visivyokuwemo, na hapo “umdhaniaye siye, kumbe ndiye”, yaani methali ile ya tatu iliyopinduliwa, inafaa zaidi. Msomaji anaitambua na anauona upinduzi wake.

Kwa hiyo methali moja ya Kifaransa, katika kitabu kimoja, imepata wenzake wawili tofauti. Wapo wafasiri wanaotengeneza jedwali la methali, ya Kifaransa kushoto na ya Kiswahili kulia, kisha wanalifuata kila wanapoikuta. Jedwali linafaa kukumbusha wagombea. Likitumiwa kuamua, litampa bibi simba na mzee wa getini mkakasi.

Hatua ya nne: ifanyie jaribio la kurudi

Ukishachagua, funika Kifaransa. Soma Kiswahili chako peke yake, kisha andika tena sentensi ya kawaida: mtu aliyesoma hapa ameelewa nini, na angefanya nini? Ilinganishe na ile ya hatua ya kwanza. Zikipishana, uchaguzi umeshindwa, hata kama methali inakupendeza.

Ukiweza, mpe mtu asiyejua Kifaransa. Usimuulize “methali hii ni sahihi?” kwa sababu atasema ndiyo, methali ni sahihi siku zote. Muulize nini kitatokea baadaye katika kisa, au msemaji anampenda anayezungumziwa. Yule aliyesoma kikao chako chenye “Kimya kingi kina mshindo mkuu” atakuambia ugomvi unakuja, nawe utajua mahali pa kurekebisha.

Hatua ya tano: itazame picha upya, sasa ikiwa nyumbani kwa wengine

Mpaka hapa nimeipa picha nafasi ya nyuma. Inarudi sasa, kwa sababu methali ya Kiswahili nayo ina picha yake, na picha hiyo inaingia katika kijiji cha Kifaransa pamoja na kila ilichobeba.

« Il ne faut pas lâcher la proie pour l'ombre » ina mwenzake mzuri sana kwa maana: “Usiache mbachao kwa msala upitao”. Katika makala au hotuba, itumie. Lakini kama inasemwa na kasisi wa Normandi katika riwaya ya karne ya 19, msala ni mkeka wa kusalia wa Mwislamu, na msomaji ataona kasisi amekalia msala. Huko ni bora useme wazi: “usiache ulicho nacho ukakimbilia kivuli”. Ng'ombe, maji, gogo, nyoka na simba husafiri bila shida, hata mahali pasipo na simba, kwa kuwa msomaji huwachukulia kama lugha tu. Vitu vya ibada na vya mila maalumu huvuta jicho.

Kitu kidogo lakini cha kukera: kitangulizi « comme dit le proverbe ». Wengi huandika “Waswahili husema”, nacho ni kitangulizi chetu cha kila siku. Kikitamkwa na mwokaji mikate wa Lioni aliyezaliwa huko na asiyemjua Mswahili hata mmoja, kinamtoa msomaji kitabuni. “Wahenga walisema” haina kwao, inafaa popote.

Upande wa pili wa suala hili ni kwamba si kila picha ya Kifaransa ni ngeni. « Qui sème le vent récolte la tempête » imetokana na Hosea 8:7, na Biblia ya Kiswahili inayo: wamepanda upepo, nao watavuna tufani. Hapo kufuata neno kwa neno si tafsiri sisisi, kwani methali ilikwisha kuingia Kiswahili kwa mlango mwingine. Ndivyo ilivyo kwa « Nul n'est prophète en son pays », iliyomo katika Mathayo 13:57, na “nabii hakubaliki kwao” inaeleweka na wasomaji wa dini zote. Kabla ya kutafuta mwenzake wa mbali, hakikisha mwenyewe hayumo ndani tayari. Ukikosa kufanya hivyo unaweza kuangukia “Mcheza kwao hutunzwa”, ambayo ina “kwao” ndani yake lakini inasema kinyume kabisa cha habari ya nabii.

Hatua ya sita: asipopatikana mwenzake

Rudi kwa mbayuwayu wa Kifaransa na majira yake. Sina methali ya Kiswahili iliyozoeleka inayosema dalili moja haithibitishi. Tuliyo nayo, “Dalili ya mvua ni mawingu”, inasema kinyume: dalili inatosha. Kuna njia tatu, na ninazipendelea kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni kusema wazi. “Mwezi mmoja mzuri hautoshi kutuambia kwamba mambo yamegeuka.” Msomaji anapata habari yote, na anakosa ladha tu. Katika maandishi ya taarifa, hati na mafunzo, hilo si hasara kubwa, na ni bora mara kumi kuliko methali inayopotosha.

Ya pili ni kuipinda methali inayojulikana. Kwa kuwa kila mtu ana mawingu na mvua kichwani, “si kila wingu ni la mvua” inasikika kama jibu kwa methali ya zamani, na inabeba maana ile ile ya mbayuwayu. Ila usiitangulize kwa “wahenga walisema”. Hawakusema wao, umesema wewe, na msomaji makini ataitafuta asiikute.

Ya tatu ni kuiacha picha ya Kifaransa ilivyo, na hii inalazimu pale mwandishi anapoichezea. Kama mhusika wetu yuko katika nyumba ya watawa, na baada ya « l'habit ne fait pas le moine » mwandishi anaongeza kwamba joho lenyewe lilimfika magotini, basi joho lazima libaki. Andika “joho halimfanyi mtu mtawa, hasa likiwa limemfika magotini”. Ili isisikike kama kigae cha lugha nyingine, ipe mwili wa methali ya Kiswahili: kitenzi cha “hu-”, au mtendaji asiye na wakati kama “apandaye” na “mchimba”, maneno machache, vipande viwili vinavyopimana. “Joho halimfanyi mtu mtawa” ina mizani. “Vazi alivaalo mtu si jambo linaloweza kumfanya awe mtawa” ni maelezo.

Ya kukwepa kabisa ni kuweka methali ya Kifaransa ilivyo kisha ya Kiswahili kando yake kama maelezo. Katika kitabu cha masomo ya lugha ni sawa. Katika mazungumzo ya riwaya mhusika anakuwa amesema jambo lile lile mara mbili.

Hatua ya mwisho: isome kwa sauti, na ujue pa kuikata

Methali hutamkwa kwa watu wanaoijua, kwa hiyo mara nyingi hukatwa. Mfaransa huanza « Tant va la cruche à l'eau… » na kunyamaza, akimwachia msikilizaji mtungi uvunjike mwenyewe. Matini yakikata, nawe kata. Lakini chagua methali inayokatika. Kwa mwizi au mdanganyifu, “Za mwizi…” inatosha, na kila msomaji atajaza arobaini. Kwa kijana anayeendesha pikipiki ovyo kila siku, na ambaye hajaiba kitu, mwizi atamchafulia jina. Mpe “Mbio za sakafuni…” na uweke nukta tatu. Ukingo upo hata usipoandikwa.

Wasomaji wako wakiwa watoto au watu wanaojifunza Kiswahili, usikate hata kama Kifaransa kimekata. Andika “Mbio za sakafuni huishia ukingoni” yote, kisha msemaji anyamaze baada ya hapo, ili ule ukimya wa mwandishi uwe na mahali pa kukaa.